Kreatini kwa mtumiaji wa kiti mwendo anayejenga mikono: anza na figo, kijiko baadaye

Swali huja kwa sura ileile, liwe limetoka Mwanjelwa, Makambako au Kihesa: "Natumia kiti mwendo, nanyanyua vyuma, jamaa wa jimu wananiambia nianze kreatini. Haitaniharibu figo?" Kabla hujajibu, la pili limeshafika: "Na ni vijiko vingapi?"

Wengi wanataka jibu la pili kwanza, na maelekezo ya jimu huanzia hapohapo. Kwa mtu anayetembea, mwenye figo nzima, kuanzia kwenye kijiko si kosa kubwa. Kwa aliyeumia uti wa mgongo ni kosa, kwa sababu kipimo cha kawaida cha figo humdanganya, na kreatini yenyewe inaongeza uongo juu ya uongo. Kwa hiyo hapa tunaanza maabara, tunafika kwenye kijiko katikati ya safari, kisha tunarudi maabara.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye jeraha la uti wa mgongo lililokwisha kutulia, anayefanya mazoezi ya mikono, mabega, kifua na mgongo wa juu. Kama upo kwenye kiti kwa sababu ya polio au kukatwa miguu, mambo ya kibofu na presha huenda hayakuhusu, lakini ya kipimo cha figo yasome. Mimi ni mtu wa mazoezi ya tiba, si daktari. Pale ninaposema "muulize daktari" sijazii ukurasa.

Kreatini inafanya nini, kwa ufupi

Mwili hutengeneza kreatini wenyewe, na nyingine tunaipata kwenye nyama na samaki. Karibu yote hukaa ndani ya misuli, na kazi yake ni kurudisha upesi ile nguvu inayotumika kwa sekunde chache: kunyanyua chuma mara 8, kusukuma kiti kwa kasi kuvuka barabara, kujihamisha kutoka kitini kwenda kitandani. Mtu ambaye chakula chake cha kila siku ni ugali, maharage na mboga, nyama ikionekana Jumapili, huwa na akiba ndogo misulini, naye kwa kawaida ndiye anayeona mabadiliko zaidi.

Usitegemee ikupandishe mlima. Mwaka 2002 Jacobs na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 16 walioumia uti kwenye pingili za shingo, C5 hadi C7. Walipewa gramu 20 kwa siku kwa wiki moja, na uwezo wa mikono yao kuzungusha mashine ya mazoezi ukaongezeka. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi waliwajaribu wanariadha wa viti mwendo katika mbio za mita 800, na unga wa kreatini haukuwapunguzia muda. Zote mbili ni tafiti ndogo, lakini zinakubaliana na tunachojua kuhusu unga wenyewe: unasaidia juhudi fupi inayorudiwa, hausaidii kazi ndefu ya pumzi. Kama shida yako ni kupanda kutoka Ipogolo hadi mjini Iringa bila kusukumwa, pesa yako iweke kwenye matairi na bearingi nzuri.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Majibu ya vipimo vya figo (hatua ya 2), yakiwa kwenye karatasi na si kichwani mwako.
- Orodha ya dawa unazotumia, pamoja na zile unazonunua mwenyewe duka la dawa.
- Kopo la kreatini monohaidreti ya unga, isiyochanganywa na kitu kingine.
- Kipimo cha gramu. Kijiko kilichomo ndani ya kopo kinatosha ukisoma kinabeba gramu ngapi. Ukitaka uhakika, mizani midogo kama ile ya wanunuzi wa dhahabu inapima gramu 3 bila shida.
- Daftari.
- Ratiba ya kibofu unayoifuata kweli. Ile uliyopewa hospitali ukaiacha haihesabiki.

Hatua ya 1: Angalia kama ni zamu yako kusubiri

Usianze sasa kama una ugonjwa wa figo unaojulikana, figo moja, mawe kwenye figo, au umewahi kuambiwa figo zimevimba kwa sababu mkojo unarudi juu. Usianze ukiwa na homa ya UTI, au kama UTI inakurudia kila baada ya muda mfupi. Hiyo ni dalili kwamba kibofu hakitoi mkojo vizuri, na kibofu hicho kishughulikiwe kwanza. Mjamzito, anayenyonyesha na aliye chini ya miaka 18 wasitumie bila daktari kusema. Mwenye kidonda cha mgandamizo kilicho wazi aponye kidonda kwanza, maana mazoezi yenyewe yatamkalisha muda mrefu juu yake. Na aliyeumia miezi michache iliyopita asubiri, mwili wake bado unapoteza misuli na vipimo vyake havijatulia.

Kisha tazama orodha ya dawa zako. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazokunywa kwa ajili ya mabega, zinazibana figo zikitumika siku nyingi. Sindano za jentamaisini zinaweza kuzidhuru. Baklofeni, ile ya kutuliza misuli inayokakamaa, hutolewa mwilini zaidi kwa njia ya figo. Figo zikilegea hujikusanya, mtu akaanza kusinzia hovyo na kuchanganyikiwa. Septrini ina jambo lake la pekee: hupandisha namba ya kreatinini kwenye damu hata kama figo haijaguswa, na inaweza kupandisha potasiamu pia. Hakuna kati ya hizi inayokukataza kreatini moja kwa moja. Ila daktari akiona orodha hii na kopo lako mezani pamoja, ataelewa namba anazozitazama.

Hatua ya 2: Pima figo, na pima kwa namna inayolingana na mwili wako

Hatua hii ndiyo inayorukwa, basi twende taratibu.

Kreatini, ile ya kwenye kopo, ikishatumika misulini huchakaa na kuwa kreatinini. Kreatinini ni taka, figo huitoa kwenye mkojo. Maabara hupima kreatinini kwenye damu: ikiwa nyingi, inadhaniwa figo hazitoi vizuri. Lakini kiasi cha taka hii kinategemea pia wingi wa misuli inayoizalisha. Mtu ambaye misuli ya miguu na makalio imekonda kwa miaka ana kiwanda kidogo, hivyo kreatinini yake huwa chini hata kama figo zake zimechoka.

Matokeo yake ni haya. Karatasi za maabara nyingi huonyesha kiwango cha kawaida cha mwanaume kati ya 60 na 110 hivi, kwa vipimo vya mikromoli kwa lita. Mtu wa kiti mwendo anaweza kuwa na 45 siku figo zikiwa nzima. Figo zikipoteza nusu ya kazi yake, namba inaweza kwenda 90. Karatasi itasema "kawaida." Yeye atarudi nyumbani akifurahi.

Ile namba ya eGFR inayoandikwa chini ya majibu, yaani makadirio ya jinsi figo zinavyochuja damu, haikuokoi, kwa sababu inakokotolewa kutoka kreatinini hiyohiyo pamoja na umri na jinsia. Haijui kwamba miguu yako haina misuli. Kwa aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi huzipamba figo kuliko zilivyo.

Kwa hiyo omba vitu vitatu. Cha kwanza ni kreatinini ya damu, si kwa ajili ya kuilinganisha na "kawaida" ya karatasi, bali iwe namba yako ya kuanzia. Cha pili ni ultrasaundi ya figo na kibofu. Inaonyesha kama figo zimevimba, kama kuna mawe, na mkojo kiasi gani unabaki kibofuni baada ya kukojoa. Watu wenye jeraha la uti wa mgongo wanatakiwa kufuatiliwa figo na kibofu mara kwa mara hata bila kreatini, hivyo huombi upendeleo. Cha tatu ni kipimo cha mkojo cha kutafuta protini na dalili za maambukizi.

Kisha muulize daktari kama unaweza kupata kipimo cha sistatini C. Hiki hakitegemei sana wingi wa misuli, na unga wa kreatini hauna sababu ya kukipandisha. Hakipatikani kila maabara. Kikikosekana, uliza kuhusu mkojo wa saa 24, unaokusanywa kwenye dumu na kulinganishwa na damu. Anayetumia mpira wa mkojo ana nafuu hapa, hapotezi tone.

Kwa nyanda zetu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa ndizo mlango wa kwanza kwa wengi. Walioko Makete na milimani Njombe wengi huenda Ikonda. Uliza kabla ya kusafiri kama kipimo unachokitaka kinafanyika hapo au sampuli inatumwa kwingine.

Tahadhari mbili za siku ya kipimo. Usile nyama choma wala kitimoto usiku wa kuamkia kupima, nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa. Na usifanye mazoezi mazito siku hiyo wala iliyotangulia.

Hatua ya 3: Nunua kopo la kuchosha

Tafuta maneno "Creatine Monohydrate" kwenye kopo, na kwenye orodha ya viambato pasiwe na kitu kingine. Aina nyingine zinazouzwa ghali kwa majina marefu hazijaonyesha kuizidi hii. Zile za "kabla ya mazoezi" zina kafeini na vichocheo vingine, nazo ziache kabisa: kwa aliyeumia T6, yaani pingili ya sita ya mgongo usawa wa kifua, au juu yake, kichocheo kinachogusa presha na mapigo ya moyo si mchezo wa kuanzia.

Kama unashindana, kreatini haimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni. Shida ni unga uliochafuliwa kiwandani. Nembo kama Informed Sport inaonyesha kwamba toleo hilo lilipimwa. Kopo lililofunguliwa, unga uliohamishiwa kwenye mfuko wa nailoni, au tarehe iliyokwanguliwa, mrudishie muuzaji hata kama ni rafiki yako.

Hatua ya 4: Andika ulipo kabla hujaanza

Pima uzito. Mizani ya bafuni haikufai, lakini mizani ya jukwaa ya kupimia magunia ya mahindi au viazi inakupokea na kiti chako. Pima ukiwa kitini, kisha pima kiti peke yake na mto wake, toa. Rudia kwenye mizani ileile kila mara, kwa sababu za sokoni hazikubaliani.

Halafu pima nguvu kwa vitu viwili tu: uzito fulani unaoweza kuusukuma juu ya kifua mara 8 hadi 10, na muda wa kusukuma kiti mita 20 kwa kasi yako yote mara 5, ukipumzika dakika moja kila mara. Andika mara zote 5. Kreatini ikikufanyia kazi, utaiona zaidi kwenye ile mara ya nne na ya tano, pale ambapo zamani mikono ilikuwa imekwisha.

Hatua ya 5: Gramu 3 kwa siku, bila dozi kubwa ya wiki ya kwanza

Vijana wa jimu watakuambia uanze na gramu 20 kwa siku, mara nne za gramu 5, kwa siku 5 hadi 7, ili misuli ijae haraka. Inafanya kazi. Ila gramu 3 kila siku zinafika palepale baada ya wiki 4 hivi, na wewe una sababu zako za kutokimbia.

Sababu kubwa ni tumbo. Kreatini nyingi kwa mkupuo huvuta maji kwenye utumbo na kuharisha kunafuata. Anayetembea atakimbilia chooni, yameisha. Wewe una ratiba ya choo uliyoijenga kwa miezi, na kuharisha kukikukuta mahali usipohisi, unyevu utakaa kwenye ngozi ya makalio hadi ugundue. Vidonda vya mgandamizo vinapenda ngozi iliyolowa. Sababu nyingine ni kwamba misuli unayoijaza ni michache kuliko ya anayetembea, hivyo huna pa kuweka gramu 20.

Basi: gramu 3, mara moja kwa siku, kila siku, ya mazoezi na ya kupumzika. Kama kijiko cha kopo ni cha gramu 5, chukua zaidi kidogo ya nusu. Muda wa siku haujalishi kwa misuli, lakini kwa kibofu unajalisha, kwa hiyo fanya asubuhi na kifungua kinywa.

Kwa baridi yetu ya Juni na Julai maji ya bombani hayataki kuuyeyusha huu unga, utabaki chini ya kikombe kama mchanga na utaumwaga. Tumia maji ya uvuguvugu au chai, koroga, kunywa hapohapo. Usiuchanganye leo ukaweka kwenye chupa ya kunywa kesho, kwenye maji huharibika taratibu.

Ukisahau siku moja, endelea kesho na gramu 3. Usilipe deni.

Hatua ya 6: Kibofu kibaki kwenye ratiba

Kuna uvumi kwamba kreatini inahitaji lita 5 za maji. Haihitaji. Inavuta maji kidogo ndani ya misuli, na glasi moja ya ziada kwa siku inatosha. Kwa anayejitoa mkojo kwa mpira, maji yaliyozidi ni kibofu kilichozidi. Lengo la kawaida ni kutoa mara 4 hadi 6 kwa siku, na kila mara isizidi mililita 500. Wiki mbili za kwanza tumia chupa yenye alama na upime. Ukikuta 600 au 700, ama punguza maji ya jioni, ama ongeza mara moja ya kutoa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo sana huku kwetu: baridi, huna kiu, choo cha mahali unapofanyia kazi kina ngazi tatu, basi unaamua kutokunywa kabisa mpaka jioni. Mkojo mzito hualika UTI na mawe, na hayo ndiyo yanayoua figo za watu wetu, kuliko kopo lolote.

Onyo kwa walioumia T6 kwenda juu. Kibofu kilichojaa kinaweza kurusha presha ghafla. Dalili: kichwa kugonga kama nyundo, uso kuwa mwekundu au wa moto, jasho juu ya sehemu ya jeraha, pua kuziba, mapigo ya moyo kupungua. Hili likikupata mazoezini, acha. Kaa wima, usilale. Legeza mkanda na nguo, angalia kama mpira umejikunja, toa mkojo. Presha isiposhuka dakika hizohizo, ni hospitali, na mwambie mhudumu maneno haya: "Nimeumia uti wa mgongo, presha yangu ya kawaida iko chini." Wengi wetu tuna 90 au 100 kwa kawaida, hivyo 140 inayomtuliza nesi kwa mtu mwingine, kwako ni hatari. Na wale wanaobana mkojo makusudi ili presha iwape nguvu kwenye mashindano, huo ni udanganyifu uliokatazwa na umeshawahi kuelezwa sana kwa ubaya wake. Usiuguse.

Hatua ya 7: Mazoezi yaongezeke kwa mgongo kabla ya kifua

Kreatini bila mazoezi itakupa maji kidogo misulini na basi. Siku 3 kwa wiki, seti 3 za mara 8 hadi 12, zinatosha. Ila mpangilio ndio wenye maana. Mikono yako imeshasukuma kiti siku nzima, hivyo kifua na mbele ya bega vina kazi ya kutosha. Kwa kila seti moja ya kusukuma, fanya mbili za kuvuta: kuvuta mpira uliofungwa nguzoni kuelekea kifuani, na kuzungusha mkono nje huku kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa unafanya kazi hii vizuri.

Ndani ya wiki 4 hadi 8 utajikuta unaweza kuongeza mara mbili tatu kwenye seti. Hapo ndipo bega linapoharibika. Misuli inajazwa upesi kuliko kano zinavyokomaa, na wewe huna mguu wa kupumzishia bega: likiuma, huwezi hata kujihamisha kitandani. Ongeza kitu kimoja kwa wiki, ama uzito ama idadi. Maumivu ya bega yanayokuamsha usiku yanamaanisha rudi nyuma wiki mbili, na usiyafukie kwa diklofenaki ili uendelee. Tumeshaona inavyoelewana na figo.

Hatua ya 8: Rudi maabara wiki ya 6 hadi ya 8

Tuchukue mfano ili namba zieleweke. Tuseme ni fundi viatu wa Mafiati, miaka 34, jeraha la T10, miaka 6 kitini, kilo 61. Kabla ya kuanza, kreatinini yake ilikuwa 46, ultrasaundi safi, mkojo safi. Akatumia gramu 3 kila siku. Wiki ya 7 kreatinini ni 57, uzito kilo 62.

Karatasi inasema hana tatizo, na hata iko chini kidogo ya kiwango. Lakini kwa namba yake mwenyewe imepanda 11, yaani karibu robo. Je, ni unga au ni figo? Kwa kutazama 57 peke yake hakuna anayeweza kusema. Kreatini nyingi mwilini huzalisha kreatinini nyingi, na misuli iliyoongezeka pia, vyote bila figo kuguswa. Vilevile figo iliyoanza kuziba ingeleta namba hiyohiyo.

Njia rahisi ni kusimamisha unga wiki 4 huku mazoezi yakiendelea, kisha kupima tena. Ikirudi 47 au 48, ilikuwa unga, na kwa ruhusa ya daktari anaweza kuendelea akijua namba yake ya "nikiwa kwenye kreatini" ni 57. Ikibaki 57 au ikapanda, unga hauhusiki tena: ultrasaundi irudiwe, kibofu kichunguzwe. Kama kipimo cha sistatini C kipo, jibu linapatikana bila kusubiri wiki 4, maana hicho kikiwa hakijasogea, figo hazijasogea.

Sasa fikiria fundi huyohuyo angekuwa hakupima mwanzo. Angeonyesha 57, angeambiwa figo zake ni nzuri sana, na mchezo ungeishia hapo. Nimekutana na kinyume chake pia: mtu mwenye misuli mikubwa ya mikono anapimwa akiwa kwenye kreatini bila kumwambia daktari, namba iko juu kidogo, anaandikiwa kwamba ana ugonjwa wa figo na anaishi na hofu hiyo miezi. Kopo nenda nalo kliniki.

Baada ya hapo, mara moja kila miezi 6 hadi 12, sambamba na ufuatiliaji wako wa kibofu.

Mambo yakienda kombo

*Tumbo linaunguruma, choo kimelegea.* Gawa: gramu 1.5 asubuhi, 1.5 mchana, pamoja na chakula. Kagua ngozi kwa kioo kila jioni hadi choo kirudi ratibani. Ikiendelea wiki moja, acha; huenda ni unga mchafu.

*Uzito umepanda kilo 1 au 2.* Inategemewa, ni maji misulini. Lakini utaihisi kwenye kujihamisha, na mto wako unaibeba, kwa hiyo usiache zile dakika za kuinua makalio. Kilo 3 au zaidi ndani ya wiki mbili si kreatini ya gramu 3. Tafuta sababu.

*Mguu mmoja umevimba.* Hapa usisubiri wala usilaumu unga. Mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine, ukiwa na joto au wekundu, kwa mtu asiyehisi unaweza kuwa damu iliyoganda. Hospitali siku hiyohiyo, bila kuusugua wala kuufanyia masaji njiani. Ukipata na kifua kubana au pumzi kukatika, ni dharura.

*Mkojo umebadilika rangi au unanuka, misuli inakakamaa kuliko kawaida.* Kwa asiyehisi kibofu, kukakamaa kupya mara nyingi ndiyo taarifa ya kwanza ya UTI. Simamisha kreatini, pima mkojo, tibu, kisha uanze tena ukiwa mzima.

*Unasinzia mchana na unatumia baklofeni.* Simamisha kreatini, kapime figo upesi. Baklofeni usiikate ghafla mwenyewe, kuikata ghafla kuna hatari yake. Daktari ndiye atakayeipunguza.

*Wiki 8 zimepita, sioni kitu.* Fungua daftari kwanza. Wengi husema hawaoni kitu huku mara ya tano ya mita 20 imepungua sekunde. Kama kweli namba hazijasogea, huenda ulikuwa unakula nyama na samaki vya kutosha na akiba yako ilikuwa imejaa. Au misuli unayoitazama haipokei amri vizuri kutoka kwenye uti: kuna utafiti wa misuli ya kuinua kiganja kwa walioumia shingo ambao haukuona faida. Au unakula protini kidogo mno. Maharage kila siku na dagaa wa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela vitakufanyia kazi ambayo gramu 3 haziwezi.

*Nataka kuacha.* Acha tu, hakuna haja ya kupunguza kidogo kidogo. Akiba ya misuli inashuka taratibu kwa wiki 4 hadi 6, uzito wa maji unaondoka, na nguvu uliyoijenga kwa mazoezi inabaki kadiri unavyoendelea kuvuta ule mpira wa baiskeli. Pima kreatinini mara moja baada ya wiki hizo na uandike namba hiyo kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari, kwa sababu ndiyo utakayoihitaji siku daktari mpya atakapokuambia uko "kawaida."